Uzito wa sampuli: jinsi ya kukokotoa makadirio pale ambapo si kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar. Hao ni kama asilimia 3. Sasa chukua utafiti wa kaya unaotaka kutoa takwimu za kila mkoa peke yake. Mikoa ni 31, na mitano iko Zanzibar. Ukigawa kaya sawasawa kwa kila mkoa, Zanzibar itapata 5 kati ya 31, yaani kama asilimia 16 ya sampuli nzima. Hakuna aliyekosea hapo, kwa sababu bila idadi hiyo huwezi kusema lolote la maana kuhusu Kusini Unguja au Kaskazini Pemba. Ila ukizijumlisha kaya zote kwenye kapu moja na kutoa wastani, umewapa Wazanzibari sauti mara tano ya idadi yao, na jibu linaloitwa "la taifa" si la taifa.

Dawa yake ni uzito wa sampuli. Kanuni ni fupi: uzito wa mhojiwa ni 1 ikigawanywa kwa uwezekano aliokuwa nao wa kuingia kwenye sampuli. Aliyekuwa na nafasi 1 katika 40 anabeba uzito wa 40, maana anajisemea mwenyewe na wenzake 39 ambao hawakufikiwa. Kazi ngumu iko kwenye kuujua ule uwezekano, na huko ndiko watu wengi huharibu.

Kwanza, kwa nini kugawanya kunafanya kazi

Chukua kijiji cha wakulima watatu. Wa kwanza amevuna magunia 40, wa pili 8, wa tatu 4. Jumla ni 52, lakini wewe huijui, na una nauli ya kumfikia mkulima mmoja tu. Unapiga kura isiyo sawa: wa kwanza ana uwezekano wa 1/2, wa pili 1/4, wa tatu 1/4.

Ukimpata wa kwanza, unakadiria 40 ÷ 1/2 = 80. Ukimpata wa pili, 8 ÷ 1/4 = 32. Ukimpata wa tatu, 4 ÷ 1/4 = 16. Sasa tafuta wastani wa makadirio hayo kwa kufuata uwezekano wa kila moja kutokea: nusu ya 80 ni 40, robo ya 32 ni 8, robo ya 16 ni 4. Jumla 52. Kila mkulima amerudi na magunia yake yaleyale, kwa sababu kile alichozidishiwa na uzito ndicho alichopunguziwa na uwezekano.

Hilo ndilo kadirio la Horvitz na Thompson, waliolichapisha 1952. Uzuri wake ni kwamba halijali uwezekano ulikuwa mkubwa au mdogo kiasi gani, alimradi ujulikane na usiwe sifuri. Lakini angalia pia kasoro yake, maana iko hapohapo: hakuna hata jibu moja kati ya 80, 32 na 16 lililo karibu na 52. Kadirio halielemei upande wowote, lakini bado linaweza kuyumba vibaya. Ukipiga kura kwa kufuata ukubwa wa mavuno, yaani 40/52, 8/52 na 4/52, kila jibu linakuwa 52 kamili. Ndiyo maana watakwimu hupenda uwezekano uende na ukubwa wa kitu.

Uwezekano hujengwa kwa hatua

Tuchukue wilaya ya mfano, nimeibuni ili namba zikae vizuri. Kwa hesabu ya sensa ina kaya 50,000: 10,000 mjini na 40,000 vijijini. Tunataka kujua watu wazima wangapi wana akaunti ya pesa kwenye simu. Tunayafanya mjini na vijijini kuwa matabaka mawili, na kila tabaka tunaligawia maeneo 20 ya kuhesabia watu, yale ambayo makarani wa sensa huyaita EA. Katika kila eneo tunachagua kaya 15, na katika kila kaya mtu mzima mmoja.

Mhojiwa amepita milango mitatu kabla ya kukaa mbele ya mdadisi: eneo lake lilichaguliwa, kisha kaya yake, kisha yeye. Uwezekano wake wote ni ile mitatu ikizidishwa pamoja.

*Mlango wa kwanza: eneo.* Maeneo huchaguliwa kwa kufuata ukubwa, kwa hiyo lenye kaya nyingi lina nafasi kubwa. Fomula ni idadi ya maeneo yanayochaguliwa, mara kaya za eneo hilo, gawanya kwa kaya zote za tabaka:

```
p1 = maeneo * kaya_za_eneo_sensa / kaya_za_tabaka_sensa
```

Eneo A liko mjini na sensa ilihesabu humo kaya 125. Basi p1 = 20 × 125 ÷ 10,000 = 0.25. Eneo B liko kijijini, lina kaya 100 za sensa: p1 = 20 × 100 ÷ 40,000 = 0.05. Namba zote hapa ni za sensa, kwa sababu hizo ndizo zilizotumika siku ya kuchagua. Hata kama leo eneo limejaa vibanda vipya, siku ile lilichaguliwa kama eneo la kaya 125.

*Mlango wa pili: kaya.* Kabla ya mahojiano, timu huingia kwenye eneo na kuorodhesha kaya upya, nyumba kwa nyumba. Eneo A wamekuta kaya 150, mji umekua. Eneo B wamekuta 90, watu wamehama. Hapa uwezekano ni kaya 15 kugawanya kwa kaya zilizoorodheshwa:

```
p2 = kaya_zilizochaguliwa / kaya_zilizoorodheshwa
```

A: 15 ÷ 150 = 0.1. B: 15 ÷ 90 = 0.1667.

Angalia kwamba p1 inatumia namba ya sensa na p2 inatumia namba ya orodha mpya. Nimeona mafaili ambayo mtu ameingiza namba moja pande zote mbili "ili zilingane". Zikilingana, zinafutana, na kila kaya ya mjini inapata uzito uleule wa 10,000 ÷ 300, yaani 33.3. Inapendeza macho, lakini umefuta ukuaji wa mji kwenye hesabu yako.

Uzito wa kaya sasa unapatikana. A: 1 ÷ (0.25 × 0.1) = 1 ÷ 0.025 = 40. B: 1 ÷ (0.05 × 0.1667) = 120. Kaya moja ya kijijini inasimama mahali pa tatu za mjini.

*Mlango wa tatu: mtu.* Kwenye kaya yenye mtu mzima mmoja, huyo ana uhakika wa kuchaguliwa: p3 = 1. Kwenye kaya yenye watu wazima watano, kila mmoja ana 1/5. Kwa hiyo uzito wa mtu ni uzito wa kaya mara idadi ya watu wazima waliomo.

Mlango huu ndio unaosahaulika zaidi, pengine kwa sababu unafanyika sebuleni, mbali na ofisi. Mdadisi anauliza, "Hapa mko watu wazima wangapi?" Mama mwenye nyumba anajibu, "Watatu tu: mimi, baba watoto na kijana wangu." Dada wa kazi anapita na ndoo, ana miaka 19, hakutajwa. Chumba cha uani kuna mpwa aliyekuja kutafuta kazi tangu mwaka jana na anakula chungu kimoja na wenyeji; naye hakutajwa. Hapo kuna makosa mawili kwa mpigo. Waliotajwa wamepewa uzito wa kaya mara 3 badala ya mara 5, na wale wawili wamepewa uwezekano wa sifuri, ambao hauna uzito wowote unaoweza kuuokoa. Mdadisi mzuri huuliza kwa majina, na kisha huongeza swali la pili: "Na nani mwingine alilala hapa, hata kama si wa damu?"

Hesabu yenyewe, kwa mkono

Hawa hapa wahojiwa wanane, wanne wa eneo A na wanne wa eneo B. Ni kipande tu cha faili, ili uweze kufuatilia kwa kikokotoo cha simu. Kwenye safu ya mwisho, 1 ana akaunti na 0 hana.

| Mhojiwa | Eneo | Uzito wa kaya | Watu wazima | Uzito wa mtu | Akaunti |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | A | 40 | 1 | 40 | 1 |
| 2 | A | 40 | 2 | 80 | 1 |
| 3 | A | 40 | 1 | 40 | 1 |
| 4 | A | 40 | 3 | 120 | 0 |
| 5 | B | 120 | 2 | 240 | 1 |
| 6 | B | 120 | 3 | 360 | 0 |
| 7 | B | 120 | 5 | 600 | 0 |
| 8 | B | 120 | 2 | 240 | 1 |

Bila uzito, watano kati ya wanane wana akaunti: asilimia 62.5.

Kwa uzito, jumlisha uzito wa wenye akaunti: 40 + 80 + 40 + 240 + 240 = 640. Jumlisha uzito wa wote: 1,720. Gawanya: 640 ÷ 1,720 = 0.372, yaani asilimia 37.2.

Tofauti ya alama 25 imetoka wapi? Wenye akaunti wengi ni wa mjini, na wanaishi kaya ndogo. Sababu zote mbili ziliwapa nafasi kubwa ya kuchaguliwa kuliko wengine, kwa hiyo walijazana kwenye sampuli. Mtu namba 7, anayeishi na watu wazima wengine wanne kijijini, ilikuwa bahati kumpata, na wanaofanana naye ni wengi huko nje ambao hatukuwafikia.

Sasa tazama kinachotokea ukisahau mlango wa tatu na kutumia uzito wa kaya peke yake. Wenye akaunti: 40 × 3 + 120 × 2 = 360. Wote: 40 × 4 + 120 × 4 = 640. Jibu ni asilimia 56.3. Umeweka uzito, umeandika kwenye ripoti kwamba umeweka uzito, na bado umekosea kwa karibu alama 19. Hili ni baya kuliko kutotumia uzito kabisa, kwa sababu msomaji hatashtuka.

Kwenye Excel, kama uzito uko safu ya E na jibu safu ya F, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(E2:E9,F2:F9)/SUM(E2:E9)
```

Gawanya kwa namba ipi: jumla ya uzito au idadi ya sensa?

Kama unatafuta jumla (watu wangapi wana akaunti wilayani), unajumlisha uzito mara jibu na kuishia hapo. Kama unatafuta wastani au asilimia, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kugawanya ile jumla kwa idadi ya watu unayoijua kutoka kwingine. Ya pili ni kugawanya kwa jumla ya uzito, kama tulivyofanya. Hii ya pili inatajwa kwa jina la mtakwimu Hájek, na mimi huitumia karibu kila mara.

Sababu inaelezwa vizuri na kisa alichokitunga mtakwimu wa Kihindi Debabrata Basu mwaka 1971. Mwenye sarakasi ana tembo 50 na anataka kukisia uzito wao wote wa kilo. Anataka kumpima Sambo peke yake, tembo wa wastani, kisha azidishe kwa 50. Mtakwimu wa sarakasi anakataa: lazima kura ipigwe. Wanakubaliana Sambo apewe uwezekano wa 99/100 na kila mmoja wa wale 49 apewe 1/4900. Kura inamwangukia Sambo, kama ilivyotarajiwa. Mwenye sarakasi anafurahi, lakini mtakwimu anamwambia kadirio sahihi ni kilo za Sambo mara 100/99, yaani kundi la tembo 50 lina uzito wa tembo mmoja na kidogo. Na kama angetoka Jumbo, yule mkubwa kuliko wote? Kilo za Jumbo mara 4900. Kisa kinaishia kwa mtakwimu kupoteza kazi.

Fomula haikuvunjwa popote kwenye kisa hicho. Tatizo ni kwamba uwezekano haukuwa na uhusiano wowote na ukubwa wa tembo, kwa hiyo jumla ya uzito inaruka kutoka 1.01 hadi 4900 wakati tembo ni 50 siku zote. Ukigawanya kwa jumla ya uzito kwanza, kisha ukazidisha kwa 50, unapata kilo za Sambo mara 50, ambalo ndilo jibu la busara alilokuwa nalo mwenye sarakasi tangu asubuhi. Wastani wa Hájek una upotofu mdogo kwenye sampuli ndogo, yaani huelemea upande mmoja kidogo, lakini hauyumbi hivyo.

Namna ya kugundua kwamba uzito wako umeharibika

Jaribio la kwanza ni jumla. Jumlisha uzito wa kaya zote za kila tabaka. Kama kila eneo la mjini lingekua kama A, maeneo 20 yenye kaya 15 kila moja yangetoa 20 × 15 × 40 = 12,000. Sensa ilisema 10,000. Je, umekosea? Hapana. Kaya za mjini zimeongezeka kwa asilimia 20, kama orodha ilivyoonyesha, na uzito umelikamata hilo. Vijijini kwa mwendo wa B ungepata 20 × 15 × 120 = 36,000 badala ya 40,000. Tofauti ya aina hii ina maelezo. Lakini ukikuta 3,000 au 90,000, rudi kwenye fomula. Mara nyingi kuna mlango umerukwa au umezidishwa mara mbili.

Mlango unaorukwa zaidi kwenye tafiti kubwa ni kugawa eneo. Timu inafika na kukuta eneo limevimba, kaya 400, haliorodhesheki kwa siku mbili. Msimamizi analigawa vipande, anachagua kimoja kwa kura na kuorodhesha humo tu. Hilo ni sawa kabisa, ila limeongeza mlango mwingine: uwezekano wa kipande kile kuchaguliwa. Kipande chenye nusu ya kaya kikichaguliwa kwa kufuata ukubwa kina uwezekano wa 0.5, na uzito wote lazima uongezwe mara mbili. Usipoandikwa kwenye fomu ya eneo siku hiyohiyo, hakuna atakayeukumbuka miezi mitatu baadaye.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Niliwahi kuletewa data ya kaya zaidi ya elfu moja, safi, dodoso limejazwa vizuri, lakini safu ya "kaya zilizoorodheshwa" haikuwepo. Wadadisi walikuwa wameandika namba za kaya zilizochaguliwa tu. Madaftari ya kuorodhesha yalikuwa yamebaki wilayani, na mengine yalikuwa yameshachomwa. Tulikaa wiki mbili tukikisia ukubwa wa orodha kutokana na namba kubwa zaidi ya kaya iliyoonekana katika kila eneo na urefu wa hatua kati ya kaya moja na nyingine. Kwa maeneo mengi ilikubali, kwa sababu kaya zilichaguliwa kwa kuruka hatua sawa: zikiwa ya 4, ya 14, ya 24, hatua ni 10, na kaya 15 maana yake orodha ilikuwa kama 150. Kwa mengine haikukubali, na ilibidi tuyaseme wazi kwenye ripoti.

Jaribio la pili ni kuangalia uzito mdogo kuliko wote. Ukiona ulio chini ya 1, uwezekano wako umevuka 1, jambo lisilowezekana. Kagua pia p1 peke yake, maana inaweza kuvuka 1 bila uzito wa mwisho kuonyesha. Hutokea pale eneo moja ni kubwa mno kiasi kwamba 20 × ukubwa wake ÷ jumla inazidi 1. Eneo hilo linatakiwa litolewe kwenye kura, liingie kwa uhakika likiwa na p1 = 1, na maeneo 19 yaliyobaki yachaguliwe kutoka kwa kilichobaki.

La tatu ni uzito mkubwa kuliko wote. Hapa kuna bei unayolipa. Mtakwimu Leslie Kish alitoa kipimo rahisi: jumla ya uzito ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, gawanya kwa jumla ya uzito wa kila mmoja uliozidishwa vivyo hivyo. Kwa wanane wetu: 1,720 × 1,720 = 2,958,400, na jumla ya vipeo vya pili ni 628,800. Ukigawanya unapata 4.7. Yaani watu wanane waliohojiwa wanatoa taarifa sawa na watu chini ya watano ambao wangechaguliwa kwa nafasi sawa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo imeletwa na mtu namba 7 peke yake, mwenye uzito wa 600. Wengine huupunguza uzito wa aina hiyo kwa nguvu, tuseme hadi 400, ili makadirio yatulie. Inaruhusiwa, ila ujue unanunua utulivu kwa upotofu. Sipendi kufanya hivyo kabla ya kukokotoa njia zote mbili na kuona jibu linasogea kiasi gani.

Wasiopatikana na waliobadilishwa

Kaya 15 za eneo A zilichaguliwa, 12 zikajibu. Watu huzidisha uzito kwa 15/12, kwa hiyo 40 inakuwa 50. Ni sawa, lakini weka marekebisho hayo kwenye safu yake, tofauti na uzito wa mwanzo. Uzito wa 40 umetoka kwenye kura uliyoipiga mwenyewe. Kile kizidishi cha 1.25 kinatoka kwenye dhana kwamba wasiojibu wanafanana na waliojibu. Mjini, ambako wasiopatikana ni wale walioko kazini mchana, dhana hiyo haina miguu imara.

Kibaya zaidi ni mdadisi anayekuta mlango umefungwa na kuhamia kwa jirani aliyekaa barazani. Huyo jirani hana uwezekano unaojulikana. Dodoso lake linaonekana kama mengine yote, na faili litaonyesha kaya 15 kati ya 15, pongezi kwa timu. Mimi nikiona maeneo yote yana 15 kamili, bila hata kaya moja iliyokosekana, ndipo ninapoanza kuuliza maswali.

Kwenye programu

Ukiwa na p1, p2 na p3 kama safu, R inamaliza kazi kwa mistari michache:

```r
library(survey)
d$w <- 1 / (d$p1 * d$p2 * d$p3)
des <- svydesign(ids = ~ea, strata = ~tabaka,
                 weights = ~w, data = d)
svymean(~akaunti, des)
```

Programu inahitaji kujua eneo na tabaka kwa sababu uzito unarekebisha jibu lenyewe tu. Ukubwa wa kosa la sampuli, yaani jibu linaweza kuyumba kiasi gani, unategemea jinsi watu walivyokusanyika kwenye maeneo. Kama namba za maeneo zinaanza upya kwenye kila tabaka (eneo 1 mjini, eneo 1 kijijini), R italalamika kwamba maeneo hayamo ndani ya matabaka, ongeza `nest = TRUE`. Ukijaribu na wale wanane wetu, R itasimama na kulalamika kabla hata ya kukupa wastani wa 0.372: kosa la sampuli halikokotoleki, kwa kuwa kila tabaka lina eneo moja tu na hakuna la kulinganisha nalo.

Kwenye Stata, tumia `pw`, usitumie `fw`. Ukiweka `fw`, programu itaamini umehoji watu 1,720 halisi, na itakupa kosa la sampuli dogo la kushangaza. SPSS nayo, ukitumia `WEIGHT BY` ya kawaida, inafanya kosa hilohilo kimyakimya.

Ukipakua data ya tafiti za idadi ya watu na afya zinazoitwa DHS, zikiwemo za Tanzania na Kenya, uzito wa wanawake uko kwenye `v005` na wa kaya kwenye `hv005`. Umeandikwa bila nukta ya desimali, kwa hiyo gawanya kwa 1,000,000 kwanza. Pia umeshapimwa upya ili jumla yake ilingane na idadi ya waliohojiwa. Unafaa kwa asilimia na wastani, lakini ukijumlisha ili ujue wanawake wangapi nchini wana jambo fulani, utapata idadi ya waliohojiwa wenye jambo hilo, si ya nchi. Kwa jumla za nchi, chukua asilimia uliyoipata na uizidishe na idadi ya sensa au makadirio ya mwaka wa utafiti.